Tamko la Walimu wa Vyuo vya Theolojia vya Dodoma na Nyanda za Kati kuhusu Wizi wa Maandishi na Utaratibu wa Haki

1. Sisi, walimu wa vyuo vidogo vya theolojia vilivyoko Dodoma na katika nyanda za kati za Tanzania, tunatoa tamko hili kwa bodi za vyuo hivyo, kwa maaskofu na viongozi wa makanisa yanayovimiliki, kwa mamlaka za Serikali zinazosimamia elimu, kwa wanafunzi wetu, na kwa waumini ambao sadaka zao ndizo zinazolipa ada.

2. Elimu ya theolojia si ngeni katika nyanda hizi. Chuo cha Msalato, kaskazini mwa mji wa Dodoma, kilianzishwa mwaka 1961. Kongwa kuna Chuo cha Mtakatifu Filipo. Tabora kuna seminari kuu ya Kipalapala. Na tangu mwaka 2007 Dodoma ina Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Pembeni mwa taasisi hizo kubwa viko vyuo vingi vidogo na shule za Biblia zenye walimu watano au sita, wanafunzi wasiofika hamsini, na maktaba ya chumba kimoja. Tamko hili linahusu vyuo hivyo vidogo. Chuo kikuu kina kurugenzi, kamati za kudumu na mwanasheria. Chuo kidogo kina meza moja ambayo mambo yote huishia hapo.

3. Miongozo ya wanafunzi katika vyuo hivi huwa na sentensi inayokataza wizi wa maandishi na kuahidi adhabu kali. Kinachokosekana ni yote yanayopaswa kufuata baada ya sentensi hiyo: nani apokee tuhuma, nani aichunguze, mtuhumiwa aarifiwe lini na kwa maneno gani, nani aamue, na asiyeridhika aende wapi. Pengo hilo hujazwa na hasira ya mwalimu au huruma ya mkuu wa chuo, kutegemea ni nani kati yao aliyeiona insha kwanza. Makosa mawili yanayofanana hupata hukumu mbili zisizofanana, na wanafunzi huona.

4. Kabla ya kueleza msimamo wetu juu ya utaratibu, tunaona inafaa kusema wazi ni kosa gani hasa tunalolizungumzia, kwa kuwa mjadala wa umma hulifikiria kosa hili kama lilivyo katika nchi nyingine. Wengi hudhani wizi wa maandishi ni kunakili neno kwa neno, na kwamba programu ya kompyuta ya kulinganisha maandishi, kama Turnitin, italiumbua. Katika vyuo vinavyofundisha na kutahini kwa Kiswahili, sura ya kawaida ya kosa hili ni nyingine. Mwanafunzi huchukua kurasa za kitabu cha ufafanuzi wa Maandiko kilichoandikwa kwa Kiingereza, huzitafsiri, na kuziwasilisha kama fikra zake. Programu haioni kitu, maana hakuna neno linalolingana na neno.

5. Programu hiyo hiyo, kwa upande mwingine, humtia mashakani asiye na hatia. Mwanafunzi aliyenukuu kwa uaminifu mafungu marefu ya Biblia katika tafsiri ya mwaka 1952, ambayo imo katika maelfu ya maandishi mengine, atapewa asilimia kubwa ya mfanano, huku aliyetafsiri sura nzima ya mtu mwingine akipita na asilimia ndogo. Kwa sababu hiyo tunatamka kwamba asilimia inayotolewa na programu si ushahidi wa kosa wala si ushahidi wa kutokuwa na kosa. Inaweza kumwonyesha mwalimu mahali pa kutazama. Kazi ya kutazama inabaki kuwa yake.

6. Mwalimu anayejua somo lake ana njia za kutambua. Insha ya kurasa kumi na mbili isiyo na sura hata moja husema "kama tulivyoona katika sura ya tatu". Tanbihi hutaja ukurasa wa kitabu ambacho maktaba ya chuo haijawahi kuwa nacho na ambacho mwanafunzi hawezi kueleza alikisomea wapi. Lugha hubadilika katikati: aya mbili za Kiswahili cha Mpwapwa au Kondoa, kisha aya ya sentensi ndefu zilizopangika kigeni, kisha Kiswahili cha awali kinarudi. Mara nyingine hoja yenyewe haiwezi kuzaliwa katika Kiswahili, na mfano wake tutautoa hapa chini. Dalili hizi zote hutosha kuuliza swali. Hazitoshi kuhukumu, na mwalimu aliyezigundua ndiye anayepaswa kulikumbuka hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

7. Tunatambua pia kwamba wanafunzi wetu wengi wametoka katika mapokeo ambamo neno zuri ni mali ya waliolisikia. Mhubiri wa Chamwino husikia mfano mzuri katika semina, na Jumapili inayofuata huutoa kwake bila kumtaja aliyeutoa kwanza, wala hakuna anayeona kwamba ameiba. Hatukusudii kuyahukumu mapokeo hayo. Mahubiri ya ibada hayamo katika kanuni tunazozipendekeza. Mahubiri ya mazoezi yanayopewa alama yamo, kwa sababu alama ni ushuhuda wa chuo kwamba kazi ni ya aliyeiandika. Tofauti hiyo ifundishwe darasani katika majuma ya kwanza ya mwaka wa kwanza, kwa mazoezi ya kuandika tanbihi na kufupisha hoja ya mtu mwingine kwa maneno yako huku ukimtaja. Chuo ambacho hakikufundisha hakina uso wa kuadhibu.

8. Wajibu huo unamhusu mwalimu naye. Mwalimu anayegawa makala zilizotolewa nakala bila jina la mwandishi wala la kitabu, zile ambazo wanafunzi huziita madesa, anawafundisha kwa vitendo kwamba maarifa hayana mwenyewe. Kuanzia mwaka ujao wa masomo, kila karatasi itakayogawiwa na mwanachama wetu itabeba jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka na ukurasa. Mwanafunzi atakayetuhumiwa kunakili karatasi iliyogawiwa na chuo bila majina hayo atakuwa na utetezi halali.

9. Tunaingia sasa katika msingi wa tamko hili. Katika chuo chenye walimu watano, mwalimu wa Agano Jipya ndiye pia mkuu wa taaluma, ndiye mlezi wa bweni la wavulana, na Jumatano ndiye anayeongoza ibada. Insha ikitiliwa shaka, mtu huyo mmoja huwa mlalamikaji, mpelelezi, hakimu, na mchungaji anayemsikiliza mtuhumiwa akilia. Hatumtuhumu yeyote kwa ubaya wa nia. Tunasema kwamba hata malaika hangeweza kushika nafasi hizo nne kwa wakati mmoja na uamuzi wake ukaaminika.

10. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania imeweka kwamba haki na wajibu wa mtu vinapohitaji kuamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Kamati ya chuo inayoamua kama mwanafunzi aendelee na masomo au arudi kijijini inaamua haki yake. Hoja kwamba chuo cha Kanisa ni familia, na kwamba familia haiandikiani barua za wito, tumeisikia mara nyingi na hatuikubali. Katika familia hiyo, anayefukuzwa bila kusikilizwa daima huwa mtoto.

11. Kwa hiyo msimamo wetu ni kwamba nafasi nne zitenganishwe, hata kama walimu ni wachache. Mwalimu aliyetilia shaka kazi atakuwa shahidi tu. Mkuu wa taaluma ataamua tu kama kuna jambo la kujibu. Endapo yeye ndiye mwalimu wa somo husika, mkuu wa chuo atamteua mwingine kwa kazi hiyo. Uamuzi utatolewa na kamati ya watu watatu ambao hawakushiriki katika hatua zilizotangulia, na mmoja wao sharti atoke chuo kingine. Mkuu wa chuo hataketi katika kamati hiyo, ili abaki huru kupeleka rufaa kwa bodi bila kuwa mtu wa upande wowote. Umbali kati ya vyuo vyetu unavukika kwa basi la asubuhi. Wanachama wetu wamekubali kuketi katika kamati za vyuo jirani bila posho, mradi nauli na chakula vigharimiwe na chuo kinachoita.

12. Kasisi au mchungaji mlezi wa wanafunzi hataketi katika kamati, hataitwa kuwa shahidi, wala hataulizwa mwanafunzi alimwambia nini. Yapo mazoea ya kumtaka mtuhumiwa "aungame" mbele ya mlezi, kisha ungamo hilo likasomwa katika kikao cha nidhamu kama ushahidi. Mazoea hayo yakome. Yanaharibu hukumu na yanaharibu uchungaji, na katika chuo kinachoandaa wachungaji hatujui ni lipi kati ya hayo lililo baya zaidi.

13. Ili utaratibu ueleweke na yeyote asiye mwanasheria, tunaueleza kwa shauri la mfano, tuliloliunda wenyewe na lisilomhusu mwanafunzi wala chuo chochote. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada, ambaye bado hajaanza somo la Kigiriki, anawasilisha insha juu ya Roho Mtakatifu katika Injili ya Yohana. Katika ukurasa wa saba anaandika kwamba Yohana 16:13 inathibitisha nafsi ya Roho kwa kuwa mwinjili ametumia kiwakilishi cha kiume ilhali jina la Kigiriki la Roho si la kiume wala la kike. Hoja hiyo ni ya kale na inajulikana. Lakini Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye", na mwanafunzi asiyejua Kigiriki hawezi kuiona tofauti hiyo kwa kuisoma Biblia iliyo mbele yake. Ameitoa mahali fulani, na insha haisemi ni wapi.

14. Mwalimu anasitisha kusahihisha. Hamwiti mwanafunzi ofisini, hamtaji darasani, wala halizungumzi jambo hilo mezani wakati wa chakula. Anatafuta chanzo, na akikipata anaandaa karatasi yenye safu mbili: upande mmoja sentensi za insha, upande wa pili sentensi za kitabu pamoja na ukurasa, zimepangwa zikitazamana. Chanzo kikiwa cha lugha nyingine, anaweka tafsiri yake nyepesi chini ya kila sentensi ili wanakamati waweze kulinganisha mpangilio wa hoja, mifano iliyochaguliwa na makosa yaliyorudiwa. Makosa yaliyorudiwa ndiyo yenye uzito mkubwa: watu wawili wanaweza kufikia hoja moja kwa njia zao, lakini ni nadra wakosee tarakimu ile ile ya aya ile ile. Katika shauri letu, kitabu kimekosea rejeo moja, nayo insha imelikosea vivyo hivyo. Ndani ya siku tatu za kazi karatasi hiyo inafika kwa mkuu wa taaluma ikiwa na maelezo yasiyozidi ukurasa mmoja.

15. Mkuu wa taaluma anaweza kuona kwamba ni uzembe wa tanbihi tu: chanzo kimetajwa katika marejeleo ya mwisho lakini hakikutajwa mahali kilipotumika. Hapo anairudisha insha kwa mwalimu, mwanafunzi anaisahihisha, anapunguziwa alama kwa kiwango kilichotangazwa mwanzoni mwa muhula, na jambo linaishia hapo bila kuingizwa katika jalada la nidhamu. Tunasisitiza mlango huu ubaki wazi, kwa sababu mengi yanayoitwa wizi hayavuki kizingiti hiki. Katika shauri letu kitabu hakikutajwa popote, na safu mbili zinalingana katika kurasa nne. Kuna jambo la kujibu.

16. Mwanafunzi anapewa barua ya wito siku saba au zaidi kabla ya kikao. Barua inaandikwa kwa Kiswahili hata kama insha iliandikwa kwa lugha nyingine. Haisemi "umevunja maadili ya chuo". Maneno ya namna hiyo hayajibiki. Inataja insha, kurasa zinazotiliwa shaka, kitabu kinachodaiwa kuwa chanzo na kanuni inayodaiwa kuvunjwa, na imeambatanishwa na nakala ya karatasi ya safu mbili. Inamjulisha kwamba anaweza kujibu kwa maandishi, kuleta rasimu na daftari zake, na kuja na mtu mmoja wa kumsindikiza: mwanafunzi mwenzake, mwalimu, au mzee wa usharika wake. Hadi uamuzi utolewe, anaendelea na masomo, bweni na ibada kama kawaida. Kumsimamisha uongozaji wa ibada wakati huo ni kumhukumu kabla, na jumuiya ndogo huisoma ishara hiyo haraka kuliko barua yoyote.

17. Kikao kinaanza kwa mwalimu kueleza alichoona. Mwanafunzi au msindikizaji wake anamuuliza maswali, kisha mwalimu anatoka na harudi. Mwanafunzi anaeleza. Kamati haimwombi kuungama; inamwomba aeleze kazi yake kwa mdomo: hoja ya ukurasa wa saba ina maana gani, aliisomea wapi, aliandika rasimu lini. Katika shauri letu mwanafunzi anasema kwamba hakukiona kitabu hicho kabisa. Alinunua karatasi zilizochapishwa kutoka steshonari moja ya mjini ambako insha za wanafunzi waliotangulia huhifadhiwa kwenye kompyuta, akachukua kurasa nne na kuziunganisha na zake.

18. Maelezo hayo yanabadilisha shauri, na kamati inayofanya haraka haitaona ni kwa namna gani. Yeye hakutafsiri kitabu. Aliyetafsiri ni mwingine, huenda miaka mingi iliyopita. Hata hivyo aliwasilisha kurasa nne alizojua si zake, tena alizozinunua. Kamati haiwezi kumtia hatiani kwa kosa la kutafsiri lililotajwa katika barua, kwa kuwa halikuthibitika, wala haiwezi kumhukumu papo hapo kwa kosa la kununua ambalo halikutajwa. Inamwandikia wito wa pili wenye tuhuma sahihi na kumpa siku zake saba, hata kama amekwisha kukiri. Tunajua kwamba wengi wataona hatua hii ni usumbufu mtupu. Ni katika hatua hii hasa ndipo chuo huonyesha kama kinafuata kanuni zake au kinafuata matokeo kiliyoyatarajia tangu mwanzo.

19. Uamuzi hutolewa kwa maandishi ndani ya siku tano za kazi, ukieleza nini kimethibitika, kwa ushahidi gani, na adhabu ni ipi na kwa nini. Kipimo cha uthibitisho kiwe kwamba kosa lina uwezekano mkubwa zaidi wa kutendeka kuliko kutotendeka. Lakini pale adhabu inayofikiriwa ni kufukuzwa, kamati isiwe na shaka yoyote ya maana. Kumbukumbu za kikao zisainiwe na wajumbe wote watatu, na mwanafunzi apewe nakala bila kulipia.

20. Kuhusu adhabu, tunashikilia kwamba kosa la kitaaluma lipate adhabu ya kitaaluma. Kazi ifutwe na iandikwe upya kwa alama isiyozidi ya kufaulu, somo lirudiwe, mwanafunzi asimamishwe muhula mmoja, na kwa aliyerudia kosa la udanganyifu baada ya kuadhibiwa, au aliyefanyiwa mtihani na mtu mwingine, afukuzwe. Kulima shamba la chuo, kuchota maji na kufyeka si adhabu za kosa hili, kwa kuwa zinafundisha kwamba kazi za mikono ni fedheha na kwamba insha ya kuiba inalipika kwa jembe. Faini za fedha nazo tunazikataa. Faini ya mwanafunzi wetu hulipwa na usharika uliouza mtama au alizeti ili kumsomesha, na usharika huo haukuiba kitu. Kwa mwanafunzi wa shauri letu, ambaye hili ni kosa lake la kwanza na aliyesema kweli alipoulizwa, tungeona inatosha insha kufutwa, somo kurudiwa, na onyo la maandishi kubaki katika jalada lake hadi atakapohitimu.

21. Rufaa ipelekwe kwa bodi ya chuo ndani ya siku kumi na nne tangu mwanafunzi alipopokea uamuzi, na isikilizwe na wajumbe ambao hawakuhusika. Adhabu isianze kutekelezwa kabla ya rufaa kuamuliwa. Bodi isiongeze adhabu kwa sababu tu mwanafunzi amekata rufaa. Hofu ya kuongezewa ndiyo inayowafanya wengi wakae kimya.

22. Linabaki suala gumu kuliko yote, nalo ni nafasi ya Askofu au kiongozi wa Kanisa aliyemtuma mwanafunzi. Yeye ndiye anayelipa ada, ndiye mwenye kiti katika bodi, na ndiye atakayeamua kama mwanafunzi huyo atawekwa wakfu. Kwa heshima yote tunayowapa viongozi wetu, tunatamka kwamba mamlaka hayo hayafiki kwenye alama. Kiongozi hawezi kuagiza insha ipite kwa kuwa mtumishi anahitajika haraka katika mtaa usio na mchungaji, wala hawezi kuagiza mwanafunzi afukuzwe kwa kuwa jina lake limechafuka. Chuo nacho kisijipe mamlaka ya Kanisa: kamati ya taaluma haitaamua kwamba mtu hafai kuwa mchungaji. Itampelekea kiongozi uamuzi wa mwisho wa kitaaluma, baada ya muda wa rufaa kupita, bila maelezo ya faragha ya kikao. Atakachokifanya kiongozi na uamuzi huo ni suala la Kanisa, kwa taratibu zake.

23. Tunasikia mara kwa mara kwamba Kanisa linapaswa kusamehe na kusahau. Kusamehe tunakubali. Kuhusu kusahau, tunakumbusha shauri la kasisi maarufu kuliko wote aliyewahi kupatikana na kosa hili. Martin Luther King alipewa shahada ya uzamivu katika theolojia na Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1955. Miaka mingi baada ya kifo chake, wanazuoni waliokuwa wakihariri maandishi yake waligundua kwamba sehemu za tasnifu hiyo zilichukuliwa kutoka kwa wengine, ikiwamo tasnifu iliyowasilishwa mwaka 1952 katika chuo hicho hicho na kusimamiwa na profesa yule yule. Mwaka 1991 kamati ya chuo ilithibitisha kosa, ikapendekeza shahada isifutwe, na kwamba barua inayoeleza matokeo ya uchunguzi iambatanishwe na nakala ya tasnifu iliyo maktabani. Jina lake halikufutwa katika historia, wala kosa lake halikufutwa katika rekodi. Tunaona pia kwamba profesa mmoja alizisoma kazi zote mbili katika chuo kikubwa na hakutambua, na jambo hilo linatosha kuwanyamazisha wanaosema kwamba mwalimu makini hahitaji utaratibu.

24. Kwa misingi hiyo, tunaziomba bodi za vyuo vyetu kupitisha kanuni zenye hatua zilizoelezwa katika aya ya 11 hadi ya 22 kabla ya kufunguliwa kwa mwaka ujao wa masomo, na kumpa kila mwanafunzi nakala siku ya usajili. Tunaziomba mamlaka zinazosimamia vyuo, Tume ya Vyuo Vikuu na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, kukubali kwamba chuo kidogo kinaweza kutimiza masharti ya kamati huru kwa kuazima wajumbe kutoka chuo jirani. Wenye steshonari wanaohifadhi na kuuza insha za wanafunzi tunawataka waache. Na pale tutakapokuwa na ushahidi, tutawajulisha wamiliki wa haki za maandishi hayo.

25. Mashauri ambayo yamekwisha kufunguliwa na hayajaamuliwa yasikilizwe kwa utaratibu huu mpya endapo mwanafunzi atauchagua. Waliofukuzwa katika miaka mitatu iliyopita bila barua ya wito au bila kusikilizwa wapewe nafasi ya kuomba mapitio, na maombi yao yasikataliwe kwa hoja kwamba muda umepita, kwa kuwa hakuna aliyewaambia muda huo ulikuwa upi.

26. Kuanzia siku ya kufunguliwa kwa mwaka ujao wa masomo, hakuna mwanachama wetu atakayeketi katika kamati ya nidhamu ambayo mlalamikaji ni mjumbe wake, ambayo mtuhumiwa hakupewa tuhuma kwa maandishi, au ambayo imeletewa ungamo lililotolewa kwa mlezi wa kiroho. Mwanachama atakayeitwa katika kikao cha namna hiyo atakataa kwa barua, ataeleza sababu, na nakala ataipeleka kwa mwenyekiti wa bodi.